Dhahabu ya kontena na dhahabu ya mfukoni

Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje ya nchi makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba. Makontena 277 yalizuiwa, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ikawa inazungumzia mchanga. Makontena hayo hayakwenda popote. Hakuna lililotoroshwa usiku kwa jahazi kuelekea Mombasa, na hakuna lililopitishwa porini kwenda Uganda. Amri ilitolewa na mzigo ukasimama.

Chini ya miaka 2 baadaye, Januari 2019, askari polisi 8 wa Mwanza walikamatwa wakituhumiwa kusaidia watu waliokuwa na dhahabu ya magendo ya zaidi ya kilo 300. Julai mwaka huohuo Kenya iliirudishia Tanzania zaidi ya kilo 35 za dhahabu iliyokuwa imekamatwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokamatwa. Nchi ni ileile, rais ni yuleyule, ukali ni uleule, na sheria za madini zilikuwa zimekazwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Mbona makontena yalitii na vipande vya dhahabu havikutii?

Naona mjadala wetu kuhusu marufuku, tozo na ushuru wa dhahabu unapotea kwa sababu tunachanganya vitu viwili vyenye jina moja. Ipo dhahabu ya kontena, na ipo dhahabu ya mfukoni. Ya kwanza inatii amri. Ya pili inatii pengo la bei. Anayepanga kodi bila kuzitenganisha atafanikiwa kwa moja na kuipoteza nyingine, kisha atadhani tatizo ni uzalendo wa wachimbaji.

Nianze na ya kontena, kwa kuwa hapo upande wa serikali una hoja nzito ambayo wachambuzi wengi wa uchumi huipita haraka.

Makinikia ni mchanga uliokwisha kuchenjuliwa hatua ya kwanza, ukiwa na shaba, dhahabu na fedha ambazo hazijatenganishwa. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyokuwa ya kampuni ya Acacia, ilikuwa ikiyapeleka kwa wenye vinu vya kuyeyushia nje ya nchi, kwa sababu Tanzania haikuwa na kinu cha aina hiyo. Mzigo wa namna hii una uzito, una lori, una bandari moja, na una mnunuzi mwenye vinu anayejulikana kwa jina. Hauwezi kuuzwa kwenye duka la sonara. Kwa hiyo marufuku yakitangazwa, mwenye mzigo ana njia mbili tu: kusubiri au kukaa mezani.

Kamati za kuchunguza makinikia, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ile ya Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa taarifa zao Mei na Juni 2017, na Julai ikafuata ankara ya kodi ya dola bilioni 190 kwa Acacia. Kiasi hicho hakikuwahi kulipwa, na kampuni ilikana hesabu zilizokitoa. Lakini ukiachana na ankara na kutazama kilichopatikana mwishoni, sura inabadilika. Septemba 2019 Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilinunua hisa zote zilizobaki za Acacia. Ikaundwa kampuni ya ubia, Twiga Minerals, serikali ikapata hisa asilimia 16 kwenye migodi bila kuzilipia, ikaahidiwa dola milioni 300, na dola milioni 100 za kwanza zililipwa mwaka 2020. Pande mbili zikakubaliana pia kugawana faida za kiuchumi za migodi nusu kwa nusu. Mambo hayo hayakupatikana miaka yote ambayo nchi iliomba kwa upole.

Gharama nayo ilikuwepo, na tusiifiche. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi wenye mashapo ya daraja la juu, ulipunguza kazi mwaka 2017, na uchimbaji wake haukuanza tena hadi mwishoni mwa 2020. Miaka 3 hiyo ni mishahara iliyokatika Kahama, ni mrabaha, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa serikali kwa madini anayochimba, ambao haukukusanywa, na ni wazabuni wa chakula na usafiri waliofunga biashara. Na kinu cha kuyeyushia, ambacho kilitajwa kuwa sababu kubwa ya marufuku, hakikujengwa. Baada ya makubaliano makinikia yaliendelea kusafirishwa kama zamani. Kwa hiyo ukipima marufuku kwa lengo lililotangazwa, yaani kuchenjua kila kitu nyumbani, yalishindwa. Ukiyapima kama nguvu ya kumleta mwenye mgodi mezani, yalifaulu kwa gharama kubwa. Mimi nayapima kwa kipimo cha pili, na nadhani hata walioyatangaza walikuwa wakikijua hicho.

Lakini mwaka uleule wa 2017 zilipitishwa sheria zilizogusa pia dhahabu ya mfukoni, na hapo mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Kilo moja ya dhahabu safi ina ujazo wa sentimita za ujazo 52 hivi, sawa na viberiti viwili vilivyobanwa pamoja. Januari 2019, wakia moja ilipokuwa kwenye dola 1,290 hivi sokoni London, viberiti viwili hivyo vilikuwa na thamani ya dola 41,500. Hakuna kahawa, korosho wala samaki wa Ziwa Victoria anayebeba thamani hiyo katika nafasi hiyo. Ndiyo maana mipaka haina maana ileile kwa dhahabu kama ilivyo kwa mazao.

Sasa tumfuate mchimbaji mdogo mmoja wa mfano, Geita, Januari 2019. Ametoa mawe kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, ameyasaga kwenye karasha, amekamatisha dhahabu kwa zebaki, amechoma, na amebaki na kipande cha gramu 100 chenye usafi wa asilimia 90. Ndani yake mna gramu 90 za dhahabu halisi. Kwa bei ya London na dola moja kwa shilingi 2,300, gramu moja safi ilikuwa shilingi 95,000. Kipande chake kina thamani ya shilingi 8,550,000 kwa bei ya dunia.

Akiuza kihalali wakati ule, mrabaha ulikuwa asilimia 6, baada ya kupandishwa kutoka 4. Ada ya ukaguzi, iliyoanzishwa 2017, ilikuwa asilimia 1. Kodi ya zuio asilimia 5. Ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Wengine husema hiyo ya mwisho si mzigo kwa kuwa msafirishaji hurudishiwa. Ndivyo inavyosema nadharia ya kodi hiyo. Lakini mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliondoa marejesho kwa wanaosafirisha madini ghafi, na mnunuzi asiyerudishiwa hawezi kulipa zaidi ya bei ya dunia. Anachofanya ni kuirudisha kodi nyuma, kwa kumpunguzia bei aliyemuuzia.

Tukiifanya hesabu hiyo, ili jumla pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ibaki 8,550,000, bei kabla ya kodi inakuwa takriban 7,246,000. Toa humo asilimia 12.3 ya makato mengine, mchimbaji anabaki na 6,355,000 hivi, kabla mnunuzi hajachukua faida yake. Karibu asilimia 26 ya thamani imeondoka. Ni kweli wachimbaji wengi wadogo hawakuwa wamesajiliwa kulipa kodi hiyo na hawakuilipa kamwe. Lakini hapo ndipo penye jambo: njia pekee ya kutoilipa ilikuwa kuuza bila risiti, na dhahabu iliyouzwa bila risiti haina njia halali ya kutoka nchini.

Upande wa pili wa mpaka, chukulia mnunuzi anayelipa bei ya dunia akiondoa asilimia 3 kwa ajili ya kusafisha na faida. Kipande kilekile kinamletea mwenye nacho 8,293,000 hivi. Tofauti ni kama shilingi milioni 1.9 kwa kipande kinachoingia kwenye soksi.

Hapa kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayepanga tozo aiweke mezani kwake. Tuseme anayekamatwa anapoteza dhahabu yote. Atakamatwa mara ngapi katika safari 100 kabla biashara ya magendo haijawa hasara? Kwa makato ya asilimia 26, jibu ni mara 23. Yaani hata kama serikali ingemnasa karibu msafirishaji mmoja kati ya kila wanne, magendo yangeendelea kulipa. Hakuna nchi niijuayo yenye mpaka kama wetu, wa maziwa, misitu na njia za pikipiki, inayoweza kukamata robo ya kitu chenye ukubwa wa kiberiti.

Januari 22, 2019, Rais Magufuli aliwakutanisha wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini Dar es Salaam na kuwasikiliza. Februari Bunge likaondoa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo. Machi 17 likafunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza kati ya masoko ya madini yaliyofuata nchi nzima, ambako mzani, kipimo cha usafi, ofisa wa Tume ya Madini, mnunuzi na mkusanya mrabaha wako chini ya paa moja. Makato yalibaki asilimia 7.3.

Rudi kwenye kipande chetu. Sasa makato ni shilingi 624,000, na mchimbaji anabaki na 7,926,000 hivi. Akivuka mpaka anapata 8,293,000. Pengo limeshuka hadi 367,000, na idadi ya kukamatwa inayofanya magendo yawe hasara imeshuka kutoka mara 23 hadi kama mara 4 au 5 katika safari 100. Idadi hiyo polisi wa kawaida na vizuizi vya kawaida wanaweza kuifikia. Serikali haikuongeza askari mara tano. Ilipunguza zawadi aliyokuwa akiifuata mtoroshaji, na askari walewale wakatosha zaidi.

Je, ilifanya kazi? Makusanyo ya sekta ya madini yalikuwa takriban shilingi bilioni 346 mwaka wa fedha 2018/19, yakafika bilioni 528 hivi mwaka 2019/20. Ongezeko la zaidi ya nusu, kwa kodi pungufu. Takwimu hiyo imetumika mno kwenye majukwaa, kwa hiyo inahitaji kupigwa msasa. Katika vipindi hivyo viwili bei ya dhahabu duniani yenyewe ilipanda kwa karibu robo. Migodi mikubwa nayo imo humo. Kwa hiyo si halali kusema ongezeko lote lililetwa na masoko. Lakini bei peke yake haitoshi kulieleza, na gramu zilizoanza kuandikwa kwenye vitabu vya masoko hazikuwa zikiandikwa popote kabla. Ninachokiamini, nikiwa nimeondoa chumvi ya siasa, ni kwamba sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilikuwepo siku zote, na ilichobadilisha ni njia ya kutokea.

Wanaotetea tozo kubwa wana jibu ambalo linastahili kusikilizwa. Wanasema: mkianza mashindano ya kushusha, jirani naye atashusha, nanyi mtashusha tena, mpaka mali ya ardhi ya Afrika itoke bila kuacha kitu. Hoja hii si ya kubezwa, na Uganda ni ushahidi wake na pia ni ushahidi dhidi yake.

Mwaka 2020 Uganda iliuza nje dhahabu ya dola bilioni 1.8 hivi, kiasi kisicholingana hata kidogo na migodi yake. Nyingi ilitoka nchi jirani, Kongo ikiwa ya kwanza kutajwa, ikasafishwa Entebe na kuruka kwenda Dubai. Hazina ya Kampala haikuwa ikipata chochote cha maana. Julai 2021 ikaanza tozo ya asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa na 10 kwa isiyosafishwa. Lengo lilikuwa la haki kabisa: kama mali inapita kwetu, ituachie kitu. Kilichofuata ni kwamba mauzo rasmi ya dhahabu yalisimama kwa miezi mfululizo.

Sababu iko kwenye hesabu ya msafishaji. Anayesafisha dhahabu ya watu anaishi kwa sehemu ndogo sana ya thamani, mara nyingi chini ya asilimia 1. Kwa bei ya wakati ule kilo ilikuwa kama dola 58,000, na asilimia 5 ni karibu dola 2,900. Hakuwa nazo za kulipa, na mwenye dhahabu kutoka ng'ambo ya mpaka hakuwa na sababu ya kuzilipa wakati Kigali, Bujumbura na Nairobi zipo. Baadaye tozo ikawekwa dola 200 kwa kilo, yaani kama theluthi moja ya asilimia 1. Katikati ya hayo, Machi 2022, Marekani iliwawekea vikwazo Alain Goetz na kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebe, kwa hiyo si kila mtikisiko wa biashara hiyo ulitokana na tozo. Lakini miezi ya mwanzo kabisa, kabla ya vikwazo, inasema wazi.

Somo la Uganda si kwamba tozo ni mbaya. Ni kwamba nchi inayopitisha dhahabu ya wengine haina uwezo wa kutoza sawa na nchi inayoichimba. Duara la Nyarugusu halihamishiki, na mchimbaji anaishi palepale. Ndege ya mizigo inahamishika. Tanzania inaweza kushikilia asilimia kadhaa kwa sababu ya ardhi yake, na ndiyo maana simuungi mkono anayedai tufute mrabaha kabisa. Kinachobaki ni swali la kiasi, na kiasi hicho hakiwekwi Dodoma peke yake. Kinawekwa pia na anayenunua upande wa pili.

Na upo upande ambao hesabu yangu ya vipande haiugusi. Si kila gramu hutoroshwa kwa ajili ya kodi. Mchimbaji mwingi wa duara ameshakopa chakula, dizeli na baruti kwa mnunuzi kabla hajaona jiwe lenye dhahabu, na mkopo huo hulipwa kwa dhahabu, si kwa risiti ya soko. Mwingine hana leseni na anaogopa dirisha lolote lenye ofisa. Tena wapo wafanyabiashara wa mipakani wanaonunua dhahabu kwa bei ya dunia au hata juu yake, kwa sababu hawatafuti faida kwenye dhahabu. Wanatafuta dola za kununulia bidhaa Dubai, na dhahabu ndiyo dola wanayoipata. Mnunuzi wa namna hiyo atashinda soko la Geita hata kodi ikiwa sifuri. Kwa hiyo anayesema punguza kodi na magendo yataisha, naye amesema nusu ya jambo.

Hilo la dola linanipeleka kwenye hatua ya sasa ya sera yetu, ambayo naiona kuwa ya maana kuliko makelele yote ya makinikia. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa ndani, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Anayeuza huko analipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi inafutwa. Kwa kipande chetu cha mfano, ukihesabu mrabaha na ushuru wa huduma pekee, makato yanakuwa asilimia 4.3, na pengo na ng'ambo linabaki asilimia 1.3. Ni sera iliyojifunza kutokana na 2019: inalazimisha kwa mkono mmoja na kulipa kwa mkono wa pili.

Udhaifu wake haumo kwenye jedwali la kodi. Benki Kuu inalipa shilingi, kwa kiwango chake cha kubadilisha dola. Mwaka 2023 na nusu ya kwanza ya 2024 dola zilikuwa adimu nchini, na waliozihitaji walizitafuta mtaani kwa bei ya juu. Hali hiyo ikirudi, tuseme mtaani dola iko juu kwa asilimia 4, basi anayevuka mpaka na kurudi na dola anapata asilimia 97 ya bei ya dunia, akiibadilisha inakuwa kama 101. Anayeuza ndani anapata asilimia 95.7. Pengo limekuwa asilimia 5, kubwa kuliko lile la 2019 baada ya mageuzi, na hakuna sheria iliyobadilishwa wala tozo iliyoongezwa. Ethiopia imeishi hili waziwazi. Kwa miaka mingi birr rasmi ilikuwa mbali na birr ya mtaani, na dhahabu iliyofika benki kuu ikapungua. Julai 2024 walipoiachia sarafu ijipangie bei, dhahabu iliyopelekwa benki kuu ilipanda mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu ushuru wa upande wa wanunuzi wakubwa nitasema kidogo, kwa sababu unathibitisha kanuni ileile kutoka mlango wa pili. India iliutoza uingizaji wa dhahabu asilimia 15 kuanzia Julai 2022, na pengo hilo likawa mshahara wa watoroshaji kutoka Ghuba hadi ushuru uliposhushwa kuwa 6 Julai 2024. Na mwanzoni mwa 2025, woga tu kwamba Marekani ingetoza ushuru dhahabu uliifanya bei ya mikataba ya mauzo ya baadaye ya New York ipande juu ya ile ya London kwa makumi ya dola kwa wakia. Mabenki yakahamisha matofali ya dhahabu kwa ndege, foleni ya kutoa dhahabu kwenye ghala la Benki Kuu ya Uingereza ikafika wiki kadhaa, na wasafishaji wa Uswisi wakawa wakiyeyusha matofali ya wakia 400 kuyafanya ya kilo moja yanayokubalika New York. Aprili dhahabu ikatajwa kwenye orodha ya visivyotozwa. Agosti ikajulikana barua ya forodha ya Marekani iliyosema matofali ya kilo na ya wakia 100 yatatozwa, bei ikaruka, na tarehe 11 Rais Trump akatangaza kuwa dhahabu haitatozwa. Hakuna ushuru uliokusanywa, lakini mamia ya tani yalivuka bahari. Hawa si watu wa soksi na pikipiki. Ni mabenki yenye bima na mawakili, nayo yalifuata pengo vilevile.

Bei ya mwaka 2025 iliongeza jambo ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha kwetu. Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000. Gramu safi, kwa dola ya shilingi 2,450 hivi, ikawa zaidi ya shilingi 310,000. Pengo lilelile la asilimia 4.3 ambalo 2019 lilimpa mtoroshaji shilingi 367,000 kwa kipande chetu, kwa bei hiyo linampa milioni 1.2. Nauli ya basi kwenda Mutukula, mpakani na Uganda, haijapanda mara tatu. Wala siku mbili anazopoteza njiani hazijaongezeka. Hata asilimia isipoguswa, mvuto wake umezidi, na makato yaliyokuwa yakivumilika kwa dola 1,290 yanahitaji kuangaliwa upya kwa dola 4,000. Mtetezi wa mrabaha atasema kwa bei hii mchimbaji ana uwezo wa kulipa zaidi, na yuko sahihi kuhusu uwezo. Lakini mchimbaji mwenye gramu 100 hajiulizi kama ana uwezo. Anauliza wapi anapata zaidi.

Kwa anayetaka kujua kama dhahabu inavuja, hahitaji kusubiri askari wakamate mtu. Achukue bei ya London ya siku, aigawe kwa 31.1 kupata gramu, aizidishe kwa kiwango cha dola cha mtaani, si cha benki, na kwa usafi wa kipande, kisha aondoe makato yote. Ailinganishe na bei inayolipwa kweli sokoni kwa gramu ya kipande chenye usafi huo. Bei ya soko ikiwa chini ya hapo kwa zaidi ya faida ya kawaida ya mnunuzi, ama mzani unadanganya ama wanunuzi wamepatana. Bei ikiwa sawa lakini gramu zinapungua kitabuni huku makarasha yakiunguruma usiku na mchana na zebaki ikiuzwa kama kawaida, dhahabu imeshapata mlango mwingine. Na mwisho wa mwaka aangalie Falme za Kiarabu zimeandika kupokea kiasi gani kutoka nchi yetu na sisi tumeandika kutuma kiasi gani. Tofauti ya vitabu hivyo viwili ndiyo kodi ambayo hakuna aliyeilipa.